Neno “mnaombwa” halimwombi mtu

Bibi mmoja wa kikundi chetu alinisimamisha njiani asubuhi ya Jumapili, akafungua fundo la kanga yake, akatoa noti ya elfu tano. “Mwanangu, nimechelewa siku mbili. Faini yake ni ngapi?”

Nilimwuliza faini ya nini. Akanitazama kama ninayemtania. Ya ule mchango wa mtoto aliyelazwa, akasema, si ulikuwa mwisho Ijumaa? Kumbe ile elfu tano alikuwa ameikopa kwa mwenye duka, baada ya kuhangaika siku nzima ya Jumamosi. Na mimi, katibu, ndiye niliyeandika tangazo lile. Mchango wenyewe ulikuwa wa hiari kabisa.

Kikundi chetu ni cha kufa na kuzikana, huku Temeke, wanachama 64. Katiba yetu ni fupi. Kila mwezi mwanachama analipa ada ya Sh 5,000. Akifiwa na mwenza, mtoto au mzazi, kila mwenzake anatoa Sh 10,000, na anayechelewa analipa faini ya Sh 1,000. Ugonjwa haumo. Mtoto wa mwenzetu alipolazwa, kamati ilikaa ikakubaliana kwamba tumshike mkono, lakini kwa kuwa katiba haisemi lolote, iwe hiari ya mtu. Nikaenda nyumbani, nikaandika hivi kwenye kundi letu la WhatsApp:

“Ndugu wanachama, mnaombwa kuchangia Sh 5,000 kila mmoja kwa ajili ya matibabu ya mtoto wa mwenzetu aliyelazwa. Mwisho wa kupokea ni Ijumaa saa 12 jioni. Tuma kwa namba ya mweka hazina. Kutoa ni moyo.”

Nilipolisoma mara ya kwanza niliona ni tangazo la adabu. Nimeomba, sijaamuru. Baada ya bibi yule nikalisoma upya kwa macho yake, nikaona hakuna hata sehemu moja ambapo mtu angejua kwamba anaweza kukataa.

Tuanze na hilo “mnaombwa”. Kwetu, anayeamuru kistaarabu anaomba. Mwalimu mkuu akiandika “wazazi mnaombwa kufika bila kukosa”, hakuna mzazi anayedhani ameachiwa achague. Konda akisema “naomba nauli” anadai haki yake. Mwenye nyumba anayekuja “kuomba kodi” hakuja kuomba. Lugha yetu imeivika amri joho la ombi kwa muda mrefu mno, hata ombi la kweli likija tunalivua joho hilo tukitafuta amri iliyo ndani. Kwa hiyo anayedhani ametangaza hiari kwa kuandika “mnaombwa” au “tunaomba” ametangaza kinyume chake, tena kwa heshima.

Neno “mchango” nalo limechoka. Mchango wa msiba ni wa lazima kwetu, mchango wa harusi unaanza na ahadi na kuishia na kukumbushwa kila wiki, na ule wa mwenge tunaujua. Ukimwambia mtu kuna mchango, swali lake la kwanza ni “kiasi gani?”, halafu “mwisho lini?”. Sijawahi kumsikia aliyeuliza “ni lazima?”, kwa sababu kuuliza hivyo ni kujitangaza bahili. Hapa ndipo mzigo ulipo: anayeandika tangazo asitegemee kuulizwa. Wenye shida ya pesa ndio watakaokuwa wa mwisho kuuliza.

Halafu kuna ile elfu tano. Kamati ilitaja kiasi hicho kama mfano tu, ili watu wasione haya kutoa kidogo. Lakini ada yetu ya mwezi ni elfu tano hiyohiyo, nami nikaongeza “kila mmoja” na siku ya mwisho. Kiasi maalumu, kila mmoja, kabla ya Ijumaa, kwa mweka hazina: hivyo ndivyo deni linavyofanana. Hata ningeongeza neno “hiari” mwishoni lisingeokoa kitu. Watu wana utani wao tayari, wanaita “hiari ya lazima”, na wanapoona hiari yenye tarehe wanacheka na kulipa.

Tena tangazo haliishi kwenye simu. Bibi hana simu ya kuingia WhatsApp, alisomewa na mjukuu. Nilipomwuliza mjukuu alimwambiaje, akajibu, “Nilimwambia kuna mchango wa elfu tano, mwisho Ijumaa.” Simlaumu hata kidogo. Maneno yakitoka kinywani kwenda kinywani hubaki jina la jambo, namba na siku. “Kwa ajili ya”, “mnaombwa” na adabu zote zinadondoka njiani. Kwa hiyo tangazo la hiari likiwa na namba ndani yake, ile namba ndiyo itakayofika kwa wasiosoma. Tangu hapo siandiki kiasi chochote kwenye tangazo la zawadi, wala “kuanzia”, wala “angalau”. Hayo mawili naona ni mabaya kuliko kiasi chenyewe, maana yanaweka sakafu na kumwacha mwenye buku mbili chini yake.

Na “kutoa ni moyo”? Methali nzuri, mahali pabaya. Ukiifunga nayo barua ya kuomba pesa unamwambia asiyetoa kwamba hana moyo. Niliiweka kama pambo, ikafanya kazi ya rungu.

Kosa jingine halikuwa la maneno, lilikuwa la nani anapokea. Mweka hazina wetu ndiye mwenye daftari la madeni. Jina lako likikosekana kwake mara tatu unasimamishwa, na ukifiwa ukiwa umesimamishwa hupati kitu. Pesa yoyote inayokwenda kwenye namba yake inanuka daftari. Wengi mtakumbuka Januari 2018, Rais Magufuli alipopiga marufuku michango shuleni, miaka miwili tangu elimu bila ada ianze. Alielekeza mzazi anayetaka kuchangia kwa hiari yake apeleke kwa mkurugenzi wa halmashauri, mwalimu asiguse. Yapo mengi ya kubishana kuhusu agizo lile, lakini kwenye hilo la mwalimu naona lilipiga mahali penyewe. Mtu anayemshika mtoto wako darasani hawezi kukuomba hiari. Hata akitumia maneno matamu kiasi gani, unachokiona wewe ni mtoto akirudishwa nyumbani.

Sasa nilivyoandika mara ya pili. Miezi michache baadaye mwenzetu mwingine aliunguliwa na chumba. Nalo halimo kwenye katiba. Nikaandika:

“ZAWADI YA HIARI. Mwenzetu ameunguliwa na chumba na vitu vyake. Katiba yetu haina mchango wa moto, kwa hiyo hakuna mwanachama anayedaiwa. Ukipenda kumpa chochote, mpe yeye mwenyewe au mtumie kwenye simu yake, wakati wowote. Hatuandiki orodha na hakuna faini. Usipotoa, haki zako zote kwenye kikundi ziko palepale.”

Neno “zawadi” limekaa mwanzo kwa makusudi. Simu nyingi zinaonyesha mstari wa kwanza tu kabla hujafungua ujumbe, na mjukuu anayesoma kwa sauti ataanza hapo. Zawadi haina deni. Hakuna mtu duniani aliyewahi kuuliza faini ya kuchelewesha zawadi. Sentensi ya “hakuna anayedaiwa” ilikuwa ngumu kuiandika, kwa sababu inasikika kama unawazuia watu. Mwenyekiti aliniambia, “Katibu, mbona unawafundisha kukataa?” Nikamwambia ndiyo, ndiyo kazi yake. Ile ya mwisho, ya haki kubaki palepale, inajibu hofu ambayo hakuna atakayeitamka: je, nikifiwa mimi, watakuja?

Orodha niliiacha kwa sababu hiyohiyo. Mara ya kwanza nilikuwa nabandika majina kila jioni, waliotoa wana tiki, wengine nafasi tupu. Tangazo lingeweza kusema lolote; ile nafasi tupu mbele ya jina la mtu ilikuwa inasema peke yake. Mnaotaka kushukuru, shukuruni kwa jumla, bila majina. Kama kikundi lazima kikusanye chenyewe, labda kwa sababu mhusika yuko wodini hana simu, basi apokee mtu asiyeshika daftari, na atoe hesabu ya jumla tu.

Hapohapo nikagundua kwamba tangazo la hiari halisomeki vizuri kama lile la lazima nalo limeandikwa kwa kumung’unya. Tulikuwa tunaandika yote kwa sauti moja ya kubembeleza, na matokeo yake wengine walidhani mchango wa msiba ni wa hiari, wakasimamishwa wakilia kwamba hawakuambiwa. Siku hizi la lazima naliandika kavu: “MCHANGO WA LAZIMA, MSIBA. Mwenzetu amefiwa na mama yake mzazi. Kwa ibara ya 8 ya katiba, kila mwanachama analipa Sh 10,000 kwa mweka hazina, mwisho Jumapili. Atakayechelewa atalipa faini ya Sh 1,000.” Analipa, si anachangia. Ibara imetajwa ili asiyeamini akaisome. Nina sheria moja ndogo: kama siwezi kutaja ibara, siruhusiwi kuandika “kila mwanachama”.

Kabla ya kutuma, namsomea mtu mmoja ambaye hakuwepo kwenye kamati, kisha namwuliza, “Usipotoa inakuwaje?” Akijibu bila kusita, natuma. Akisema “sijui, labda wataniona vibaya”, narudi kuandika. Kumwuliza kama ameelewa hakusaidii, kila mtu huwa ameelewa.

Wenzangu wa kamati hawajaridhika, na hoja yao si ya kupuuzwa. Kwa mtoto aliyelazwa walitoa watu 57, zikapatikana Sh 285,000. Kwa aliyeunguliwa, yeye mwenyewe alituambia amepokea kutoka kwa watu 23, jumla Sh 198,500. Mwenyekiti anasema maneno yangu yamemnyima mwenzetu karibu elfu tisini. Mimi nasema zile za kwanza hatujui zilikuwa zawadi ngapi na madeni mangapi ya uongo, na walau moja najua ilikopwa dukani. Mtu akiunguliwa na akapewa pesa iliyotolewa kwa hofu, siku moja ataambiwa. Kama tunaona moto na ugonjwa ni shida za kutosha kuwa za lazima, mkutano mkuu upo, tuongeze ibara tupige kura. Ajenda hiyo nimeshaiandika kwa ajili ya Desemba.

Bibi nilimrudishia elfu tano yake siku ileile. Alikataa kuipokea mpaka nilipomwandikia kwenye karatasi kwamba hadaiwi, nikatia sahihi na muhuri wa kikundi.