Opsheni za wafanyakazi: kwa nini mwaka wa kwanza hubeba mzigo mkubwa

"Mwalimu, Januari 2024 tuliwapa wafanyakazi wetu kumi opsheni za kununua hisa, 40,000 kila mmoja. Zinakomaa, yaani zinakuwa zao kabisa, robo kila mwisho wa mwaka kwa miaka minne. Siku tulipozitoa kila moja ilikuwa na thamani ya shilingi 30, kwa hiyo jumla ni milioni 12, nami nikaweka gharama ya milioni 3 kila mwaka. Mkaguzi amekataa. Anataka milioni 6.25 ziingie mwaka wa kwanza peke yake. Kazi ni ileile miaka yote minne, mbona mwaka mmoja ubebe zaidi ya nusu?" (Mhasibu, Kilimani)

Ndugu yangu, mkaguzi wako yuko sahihi, kwa sababu hesabu zenu zinafuata IFRS 2, kanuni ya kimataifa ya uhasibu wa malipo yanayofanywa kwa hisa. Lakini usidhani umeuliza swali la kitoto. Sheria za uhasibu za Marekani zinaruhusu kampuni kufanya vile ulivyofanya wewe, na wapo wahasibu wazuri hapa Nairobi wanaoamini kwamba Wamarekani ndio walioona mbali katika hili. Nitazipa hoja zote mbili nafasi yake, kisha nitasema ninakoegemea.

Tuanze na hesabu ya mkaguzi. Yeye haoni opsheni 400,000 zilizotolewa kwa pamoja. Anaona mafungu manne ya opsheni 100,000, kila fungu likiwa na thamani ya milioni 3 na kila moja likiwa na safari yake. Fungu la kwanza linakomaa mwisho wa mwaka wa kwanza, basi milioni 3 zake zote ni za mwaka huo. La pili linadai miaka miwili ya kazi, kwa hiyo milioni 1.5 zinaingia mwaka wa kwanza na nyingine 1.5 mwaka wa pili. La tatu linaleta milioni 1 kila mwaka kwa miaka mitatu. La nne linaleta 0.75 kila mwaka kwa miaka minne. Jumlisha yanayoangukia mwaka wa kwanza: 3 na 1.5 na 1 na 0.75. Hiyo ndiyo 6.25 iliyokushtua. Mwaka wa pili unapata 3.25, wa tatu 1.75, wa nne 0.75, na milioni 12 zimekwisha bila kubaki senti.

Hoja iliyo nyuma ya hesabu hii ni nyepesi kuielewa ukimfikiria mfanyakazi mmoja. Akiacha kazi siku ya kwanza ya mwaka wa pili, anaondoka na opsheni 10,000 mkononi. Hakuna anayeweza kumnyang'anya. Kwa hiyo alizilipia zote kwa kazi ya mwaka mmoja. Na katika mwaka huohuo alikuwa pia akizitumikia zile za fungu la pili, kwa sababu mtu hawezi kufika mwisho wa mwaka wa pili bila kuupitia wa kwanza. Mwaka wa kwanza unabeba mafungu manne kwa wakati mmoja. Mwaka wa nne unabeba moja tu.

Sasa upande wako. Mtu anayeingia ofisini Kilimani hafanyi kazi mara nane zaidi mwaka wa kwanza kuliko wa nne, ingawa 6.25 ni zaidi ya mara nane ya 0.75. Mlipokaa mezani kupatana naye, hamkuzungumza mafungu manne. Mlimwambia: kaa miaka minne, upate 40,000. Ni mapatano mamoja, na mwanya wa kuondoka na sehemu kila mwaka uliwekwa ili asijione amefungwa. Marekani, opsheni zikiwa zinategemea muda wa kazi pekee, kampuni inaweza kuchagua kuzihesabu kama mapatano mamoja na kugawa gharama sawasawa. Sharti lake ni kwamba siku yoyote ile, gharama iliyokwisha kuandikwa isipungue thamani ya zile zilizokwisha kukomaa. Milioni 3 zako kwa mwaka zinatimiza sharti hilo kikamilifu.

Hapa ndipo kampuni nyingi za teknolojia za Nairobi zinapokwama. Kampuni mama imesajiliwa Delaware na inaripoti kwa sheria za Marekani, kampuni tanzu iko hapa na inakaguliwa kwa IFRS. Opsheni ni zilezile, watu ni walewale, lakini Delaware inaandika milioni 3 na Nairobi inaandika 6.25. Nimewahi kukaa na mhasibu wa kampuni moja ya namna hiyo aliyekuwa amenakili jedwali la kampuni mama kwa miaka miwili mfululizo bila kuuliza. Ilibidi hesabu za nyuma zirekebishwe na kutolewa upya, na aliyeumia zaidi alikuwa yeye, maana wakurugenzi walidhani ameficha hasara. Hakuficha chochote. Hakujua tu kwamba majedwali hayo mawili yanatakiwa yatofautiane, na kwamba tofauti yake huandikwa na kuelezwa kila mwaka wakati wa kuunganisha hesabu za kundi.

Kuligundua kosa hili si kazi. Ukiona opsheni zinakomaa kidogo kidogo, hakuna mtu mpya aliyepewa, na gharama ni ileile kila mwaka katika hesabu za IFRS, kuna jambo halijakaa sawa. Gharama sawa kwa kila mwaka ni halali pale ambapo zote zinakomaa siku moja, kwa mfano mwisho wa mwaka wa tatu, kwa sababu hapo kweli kuna fungu moja.

Na kukomaa mara moja kwa mwaka bado ni nafuu. Mipango mingi ya kampuni changa husubiri mwaka mmoja, robo ikomae, kisha zilizobaki zikomae kila mwezi kwa miezi 36. Kila mwezi ni fungu lake. Ukihesabu hivyo, karibu asilimia 59 ya gharama yote inaangukia mwaka wa kwanza, dhidi ya 52 ya mpango wenu.

Jambo linalonivuta kuelekea upande wako ni lile la watu wanaoondoka. Chukua mmoja kati ya wale kumi, aondoke Juni 2025. Opsheni zake 10,000 za fungu la kwanza zimekomaa, kwa hiyo gharama yake ya shilingi 300,000 haifutwi hata kama hatazitumia kamwe. Lakini kwa njia ya mkaguzi mwaka wa kwanza ulikuwa umeandika shilingi 625,000 kwa ajili yake, na 325,000 kati ya hizo zilikuwa za mafungu matatu ambayo sasa yamekufa. Zinarudishwa, na gharama ya 2025 inapungua kwa sababu mtu ameacha kazi. Kwa njia yako mwaka wa kwanza uliandika 300,000 tu kwake, sawa kabisa na alichoondoka nacho. Hakuna cha kurudisha.

IFRS ina jibu lake. Haikuruhusu kungoja hadi mtu aondoke. Inakutaka ukadirie mapema ni wangapi watabaki, kisha urekebishe makadirio kila mwisho wa mwaka. Kama mngetarajia tangu 2024 kwamba mmoja ataondoka mwaka wa pili, gharama ya mwaka wa kwanza ingekuwa 5,925,000, na Juni 2025 ingepita kimya. Sawa. Lakini katika ofisi ya watu kumi, nani anaweza kukadiria hilo kwa uaminifu? Katika benki yenye wafanyakazi maelfu makadirio ni takwimu. Kwenu ni kumkodolea macho Fulani na kujiuliza kama ana furaha.

Hata hivyo mimi nasimama na mkaguzi, na si kwa sababu ya kanuni peke yake. Njia ya usawa inakuwa sahihi kwa huyo aliyeondoka kwa bahati ya mpango wenu tu: robo ya opsheni, robo ya muda. Inawatosha wanaoondoka, lakini inawapunja wanaobaki. Tisa waliobaki wametumikia mafungu mengine matatu kwa mwaka mzima, na hesabu inayosema kazi hiyo haijagharimu kitu inasema uongo kuhusu 2024. Mwekezaji anayezisoma hesabu zenu anataka kujua mwaka huo uligharimu nini, na wengi wa watu wenu walibaki.

Pia tofauti hii ina kikomo ambacho wengi hawakioni. Kama mngetoa opsheni za milioni 12 kila Januari, ifikapo mwaka wa nne gharama ya mwaka kwa njia ya mkaguzi ingekuwa 6.25 za mpango mpya, 3.25 za uliotangulia, 1.75 na 0.75 za ile ya zamani. Jumla milioni 12. Kwa njia yako, mipango minne ya milioni 3 kila mmoja: milioni 12. Njia hizi zinagombana pale mnapotoa mara moja, au mnapoongeza kila mwaka. Kampuni iliyotulia haihisi chochote.

Kama unawahofia wakurugenzi, waoneshe upande wa pili wa ingizo. Unadebiti gharama za wafanyakazi na kukrediti akiba ya opsheni ndani ya mtaji. Hasara inaongezeka kwa milioni 6.25 na akiba inaongezeka kwa kiasi hichohicho, kwa hiyo jumla ya mtaji haitikisiki, na hakuna shilingi iliyotoka benki. Panapouma ni mahali pamoja: kama mkopo wenu una sharti linalopimwa kwa faida. Soma mkataba huo kabla ya kikao nao, na uangalie kama opsheni zimetajwa kuwa zinarudishwa kwenye faida wakati wa kupima.

Na atatokea mtu kwenye kikao atakayependekeza mbadilishe mpango sasa, opsheni zote zikomae mwisho wa mwaka wa nne, ili gharama ilingane. Mkatalie. Kuwasogezea wafanyakazi tarehe mbali ni kuwapunguzia walichopewa, na IFRS 2 inataka badiliko la namna hiyo lisihesabiwe: mtaendelea kuandika gharama kwa ratiba ya zamani. Kuufuta mpango wote ni kubaya zaidi, kwa sababu gharama yote iliyobaki inaandikwa siku hiyohiyo. Mngekuwa mmewaudhi watu kumi, na 6.25 bado ipo palepale.