Farasi mzee mwenye manyoya marefu: pima insulini pamoja na ACTH

Katika mashamba ya Njoro, Molo na Gilgil, hapa Nakuru, farasi aliyepita miaka 20 akianza kuota manyoya marefu yaliyojikunja, maelezo huwa ni mawili tu: amezeeka, au baridi ya huku juu imemzidi. Ananyolewa kwa mashine, anafunikwa blanketi usiku, na mambo yanaishia hapo. Mimi naona pesa ya blanketi ingetangulia kwenda kwenye damu: chupa moja ya kupima homoni ya ACTH na nyingine ya kupima insulini. Na mwenye uwezo wa kulipia kipimo kimoja tu, nitamwambia achague insulini, ingawa najua madaktari wengine wa mifugo watanipinga.

Sababu yangu ni hii. Chini ya ubongo wa farasi kuna tezi ya pituitari, na sehemu yake ya kati hudhibitiwa na dopamini inayoletwa na neva zinazotoka kwenye hipothalamasi. Uzeeni neva hizo hufa polepole. Dopamini ikipungua, sehemu ile ya kati hukua na kumwaga homoni kupita kiasi, ACTH ikiwa mojawapo. Ndio ugonjwa ambao kwenye fomu za maabara huandikwa PPID, na ambao wafugaji wengi bado wanauita Kashing. Manyoya marefu yasiyopukutika kwa farasi mzee ni dalili inayouelekea ugonjwa huu moja kwa moja. Ni machache sana mengine yanayoyaleta. Kwa hiyo farasi akishakuwa na manyoya mwili mzima, misuli ya mgongo imekwisha, tumbo limening'inia na anakunywa maji na kukojoa kuliko wenzake, ACTH itathibitisha tu kile ambacho macho yameshaona. Manyoya hayasemi kama kwato ziko hatarini. Hilo husemwa na insulini.

Si kila farasi mwenye PPID hupata laminaitisi, ugonjwa wa ndani ya kwato. Wanaoipata, kwa sehemu kubwa, ni wale ambao insulini yao pia imepanda. Mwaka 2007 watafiti wa Australia waliwatia poni wazima insulini nyingi kwenye mshipa huku wakiiweka sukari ya damu katika kiwango cha kawaida, na wote wakapata laminaitisi ndani ya siku tatu. Hawakuwa na ugonjwa wa tezi, hawakuwa wamevamia gunia la nafaka. Insulini peke yake ilitosha kurefusha na kulegeza nyuzi zinazoushika mfupa wa ndani ya kwato na ukuta wake.

Kwa huku kwetu manyoya yana shida nyingine. Maelezo mengi ya ugonjwa huu yameandikwa na watu wa nchi zenye majira ya baridi na ya joto, na husema mtazame farasi asiyepukutisha manyoya majira yanapobadilika. Nakuru iko karibu kabisa na ikweta. Urefu wa mchana haubadiliki kwa kiasi cha kumfanya farasi abadilishe manyoya kwa ratiba. Mlinganishe na wenzake wa zizi moja. Kama mwezi wa saba, baridi ikiwa kali Molo, wote wameongeza manyoya kidogo, hilo si neno. Kama yeye peke yake ana nywele ndefu chini ya taya, nyuma ya miguu na tumboni, na Januari kwenye jua kali bado anazo na anatokwa jasho akiwa amesimama kivulini, mwite daktari. Saisi ndiye anayeliona hili mapema kuliko mtu yeyote, kwa sababu ndiye anayepiga brashi kila asubuhi. Aulizwe.

Damu yenyewe huharibika kirahisi, na hapa ndipo vipimo vingi hupotelea. Ya ACTH huwekwa kwenye chupa ya plastiki yenye kifuniko cha zambarau, kisha inaingia mara moja kwenye kibebeo chenye vipande vya barafu, bila kuigusa barafu yenyewe. Ipitishwe kwenye sentrifuji siku hiyohiyo, mapema iwezekanavyo, na plazma ihamishiwe chupa nyingine. Plazma iliyotenganishwa kwa sentrifuji inaweza kugandishwa na kusafirishwa Nairobi au nje ya nchi. Damu nzima usiigandishe kamwe, maana chembe hupasuka na kipimo hakifai tena. Chupa iliyokaa kwenye dashibodi ya gari kutoka Molo hadi mjini jua likiwaka itatoa namba ya chini isiyo ya kweli, na farasi mgonjwa atatangazwa mzima.

Farasi aliyetoka kusafirishwa kwa lori apewe angalau nusu saa atulie kwanza. Asipewe nafaka asubuhi hiyo; nyasi kavu zinaruhusiwa, na kwa insulini ni afadhali awe amekula nyasi kuliko kunyimwa chakula usiku kucha, kwa sababu njaa huificha insulini iliyopanda. Damu itolewe kabla ya sindano ya kumtuliza. Zailazini, dawa inayotumika sana kwa kazi hiyo, hushusha insulini na kupandisha sukari. Maabara iulizwe pia kama kifaa chake kinaitambua insulini ya farasi, kwa sababu vifaa kadhaa vya hospitali za watu haviioni na hutoa namba karibu na sifuri.

Chukua mfano wa farasi dume aliyehasiwa wa Njoro, miaka 22, kilo 450, aliyewahi kucheza polo. Ana manyoya marefu miguuni na tumboni, akigeuzwa kwa ghafla anakanyaga kwa hatua fupi, na fundi wa kwato amesema pete za kwato za mbele zimeachana zaidi upande wa kisigino kuliko mbele. Damu inapelekwa kwenye maabara ya watu, na jibu linarudi: ACTH 11 pmol/l, na pembeni kipimo cha kawaida kimeandikwa 2 hadi 14. Hakuna alama nyekundu. Mwenye farasi anapumua.

Kipimo hicho cha kawaida ni cha binadamu. Jedwali la farasi huandikwa kwa pg/ml, na ili kutoka pmol/l kwenda huko unazidisha kwa 4.54. Kumi na moja inakuwa 50 pg/ml. Kwa farasi, nje ya miezi ambayo ACTH hupanda kiasili, chini ya 15 pg/ml ugonjwa hauelekei kuwepo, kati ya 15 na 40 ni eneo la mashaka, na juu ya 40, dalili zikiwepo, jibu ni ndiyo. Farasi huyu ana PPID na karatasi imesema ni mzima. Kuna na anayeiona 11 na kuilinganisha na 15 bila kubadilisha kizio, akapata faraja ileile ya uongo. Kotisoli, ambayo maabara nyingi za watu hupenda kuiongeza kwenye fomu, haina msaada hapa: farasi mwenye PPID mara nyingi ana kotisoli ya kawaida. Msilipie.

Majedwali yenyewe huongeza mipaka msimu wa siku kufupika, kwa sababu ACTH ya farasi wote hupanda wakati huo: kaskazini kuanzia Agosti hadi Oktoba, kusini kuanzia Februari hadi Aprili. Nakuru iko kusini ya ikweta kwa chini ya nusu digrii. Mimi siungi mkono kuazima ratiba ya upande wowote. Tumia mipaka ya kawaida, na namba ikiangukia kati ya 15 na 40, rudia baada ya miezi michache, au daktari afanye kipimo cha TRH, homoni inayoichochea tezi hiyo kutoa ACTH: miligramu 1 kwenye mshipa, damu nyingine dakika 10 kamili baadaye. Dakika 10, si 12, kwa sababu ACTH huwa inashuka kwa kasi wakati huo na kuchelewa kidogo hubadilisha jibu. Juu ya 200 pg/ml ni ugonjwa. Chini ya 100 hauelekei kuwepo.

Tuseme insulini ya farasi yule wa Njoro imerudi 74 µIU/ml, akiwa amekula nyasi kavu tu. Juu ya 50 ni wazi kwamba mwili wake hauwezi kuidhibiti. Namba hii, si ile ya ACTH, ndiyo inayoamua atafanyiwa nini leo. Anatolewa malishoni jioni hiyohiyo. Anapewa nyasi kavu asilimia 1.5 ya uzito wake, yaani kama kilo 6.75 kwa siku, zilizolowekwa saa moja kwenye maji baridi na maji yale kumwagwa. Boma Rhodes iliyokomaa ni chaguo zuri kuliko nyasi changa. Dairy meal iondoke kabisa: ina nafaka na molasi, na baadhi ya vyakula vya ng'ombe huwekwa monensini, ambayo humuua farasi hata kwa kiasi kidogo. Malisho ya milimani yaogopwe zaidi siku yenye jua kali iliyofuata usiku wa baridi, kwa kuwa nyasi zimetengeneza sukari mchana na baridi ikazizuia kuitumia kukua. Farasi aliyekonda asipunguziwe nyasi chini ya hapo; huyo anahitaji chakula zaidi chenye sukari kidogo, na daktari apange kipi.

Kwa tezi, dawa ni pergolaidi, mikrogramu 2 kwa kila kilo kwa siku. Kwa kilo 450 hiyo ni mikrogramu 900, kwa hiyo kidonge kimoja cha miligramu 1. Siku za mwanzo wengine hukataa chakula. Dawa husimamishwa siku mbili tatu, kisha huanzwa tena kwa nusu kidonge. Pergolaidi ya maji iliyochanganywa dukani sishauri, kwa sababu mwanga na joto huiharibu, na kwa chupa iliyokaa kwenye chumba cha hatamu huwezi kujua umempa kiasi gani. Mjamzito asikishike kidonge hicho.

ACTH ipimwe tena baada ya wiki nne hadi sita, na dozi ipandishwe kidogo kidogo kama bado iko juu. Insulini ipimwe siku hiyohiyo, kwa sababu pergolaidi haiaminiki kuishusha: kuna farasi ambao ACTH yao imetulia, manyoya yamerudi mafupi, na insulini bado ni 70. Huyo bado harudishwi malishoni, na saisi aendelee kushika mshipa wa juu ya fundo la mguu wa mbele kila asubuhi, vidole viwili pande zote mbili. Ukidunda kwa nguvu kuliko jana, miguu iingizwe kwenye barafu na maji hadi juu ya fundo, na daktari apigiwe kabla farasi hajaanza kuchechemea.