Bei ya kwenye simu si bei ya shambani

Mkulima akipata ujumbe kwamba bei ya mahindi imepanda, wengi watamwambia asubiri ipande zaidi. Mimi naona ushauri huo una kasoro kubwa. Bei ile ni ya gunia kavu lililokwisha kufika sokoni. La kwake liko shambani, pengine bado lina maji, na lori halijafika.

Chukua kijana mwenye magunia 20 ya mahindi. Manane yamekauka, 12 bado yameanikwa kwenye turubai. Jumatatu simu yake inaingiza ujumbe mara mbili: bei imepanda, na kuna uwezekano wa asilimia 70 wa mvua kubwa kuanzia Alhamisi, kwa siku kadhaa. Majirani wanaufurahia ule wa kwanza. Yeye anachukua chupa kavu ya kioo, anatia mahindi ya kwenye turubai na chumvi kavu kidogo, anatikisa, kisha anaiacha robo saa. Chumvi inaganda kwenye kioo. Maana yake unyevu umezidi asilimia 15, na mahindi hayo yakikosa jua yataota ukungu. Ukungu huo unaweza kuleta sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kupikwa.

Jumanne anampigia mnunuzi mwenye mashine ya kukaushia na kumweleza wazi kwamba hayajakauka. Kipima unyevu kinasoma asilimia 18. Mnunuzi anataka kukata kilo 10 katika kila 100. Kijana ameshapiga hesabu yake: katika kilo 100 hizo, maji ni 18, na zikikaushwa hadi asilimia 13 zitabaki kilo 94 na ushee. Kinachopotea ni kama kilo 6. Wanavutana hadi 7, ile ya ziada ikiwa gharama ya kukausha. Jumatano lori linapakia, barabara ingali kavu.

Je, mvua isingenyesha? Angekosa faida kidogo ya kuuza makavu. Ikinyesha naye hajauza, angeweza kupoteza magunia yote 12. Hasara hizo mbili hazilingani hata kidogo, na ndiyo maana nasema alifanya sawasawa bila kungoja uhakika.

Yale manane aliyafunga kwenye mifuko isiyopitisha hewa, ambamo fukusi hufa. Mvua ilinyesha, bei ya mjini ikazidi kupanda kwa sababu mzigo haufiki, lakini shambani hakuna lori lililothubutu kuingia. Barabara ilipokauka, kila aliyekuwa amekwama alipeleka mzigo kwa pamoja na bei ikaanguka. Kijana hakuuza. Alingoja wiki kadhaa, hadi ujumbe ulipoonyesha bei imerudi juu na kutulia. Hata hapo, kabla ya kupakia, aliwapigia wafanyabiashara wawili wa sokoni, maana bei inayotumwa leo mara nyingi ni ya jana au juzi.