Duniani Wawili Wawili: Kwa Nini Sura Moja Pichani Haithibitishi Undugu

"Nimekuta picha mbili za zamani, watu wawili tofauti, lakini wamefanana kama shilingi kwa ya pili. Kuna haja gani ya kutafuta ushahidi mwingine kwamba ni ndugu?"

Macho yana haki yake, na ni vema kuitaja kwanza. Watafiti wa saikolojia wamewaonyesha watu nyuso za ndugu na za wasio ndugu zikiwa zimechanganywa, na mara kwa mara wamekuta kwamba mtazamaji huwatambua ndugu kwa kiwango kinachozidi cha kubahatisha. Sura hurithiwa. Bibi anayemsimamisha mtoto njiani na kumwambia, "Wewe bila shaka ni wa fulani," hupatia mara nyingi. Lakini bibi huyo hategemei pua na paji la uso peke yake. Anaujua mtaa, anajua ni nyumba zipi zina watoto wa umri ule, anajua nani alirudi kutoka safari na familia yake. Sura humsaidia kuchagua kati ya majina matatu au manne ambayo tayari anayo kichwani. Picha iliyotolewa sandukuni haina mtaa wala majirani, na anayeitazama huwa anaidai sura peke yake ifanye kazi yote.

Chukua wafalme watatu waliopigwa picha nyingi kuliko watu wengi wa zama zao. Nikolai wa Pili wa Urusi na George wa Tano wa Uingereza walipigwa picha pamoja Berlin mwaka 1913, na hata leo asiyewajua huapa kwamba ni mapacha: ndevu zilezile, macho yaleyale, mkao uleule wa kichwa. Walikuwa jamaa kweli, ila si mapacha wala ndugu wa tumbo moja. Mama zao ndio waliokuwa dada, mabinti wa mfalme wa Denmark. Sasa mweke pembeni yao Wilhelm wa Pili wa Ujerumani. Baba yake George na mama yake Wilhelm walizaliwa tumbo moja, kwa hiyo Wilhelm alikuwa binamu wa George kwa daraja lilelile alilokuwa nalo Nikolai, lakini hakuna ambaye angewachanganya Wilhelm na George. Daraja moja la damu lilizaa kufanana kwa ajabu upande mmoja na kutofanana upande wa pili. Kama picha hizi zingekutwa bila majina, mchunguzi makini angewafanya wawili kuwa ndugu wa baba na mama, na wa tatu angemtoa katika ukoo. Angekosea mara mbili.

Sababu iko katika namna urithi unavyogawanyika. Ndugu wa baba na mama mmoja hushirikiana kwa wastani nusu ya urithi wao wa jeni, lakini huo ni wastani tu. Kila mtoto hupata mchanganyiko wake, na vipimo vya ndugu halisi vimeonyesha wengine wakishirikiana takriban asilimia 37 na wengine hadi asilimia 62. Binamu hushuka hadi wastani wa asilimia 12 na nusu. Uso nao hauamuliwi na jeni moja bali na nyingi sana, kila moja ikichangia kidogo. Ndiyo maana katika nyumba moja mtoto mmoja humchukua baba mzima mzima na mwingine huonekana kama mgeni.

Hata hivyo, kosa kubwa zaidi haliko katika urithi bali katika hesabu, na hapa ndipo ningependa tukae kidogo, kwa sababu ndipo watu wenye akili timamu wanapojikwaa. Tuseme una picha ya babu yako, na umepata mkusanyiko wa picha 1,000 za watu wa mji wake. Tuseme pia kwamba kati ya hao 1,000, jamaa zake halisi ni 10, kiasi ambacho ni kikubwa kwa mkusanyiko wowote. Jicho lako ni zuri: katika kila jamaa 10 linawatambua 7, na katika kila wageni 10 linawadhania 3 tu kuwa jamaa. Ukilitumia, utawapata jamaa 7. Lakini wageni ni 990, na 3 katika kila 10 kati yao ni watu 297. Mkononi utakuwa na picha 304 ulizoziona zina sura ya ukoo, na zilizo za ukoo kweli ni 7, yaani kama 2 katika kila 100.

Utasema kwamba wewe hungechukua picha 304, ungechukua zile zinazofanana mno tu. Sawa, tulikaze jicho hadi likosee kwa mgeni 1 katika kila 100, na tulisamehe kwa kudhani kwamba bado linawapata jamaa wote 7, jambo ambalo haliwezekani kwa sababu ukikaza kigezo unawapoteza na jamaa wasiofanana. Bado wageni 10 watapita pamoja na jamaa 7, na picha yoyote utakayoinua ina uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa ya mgeni. Tatizo si ubora wa jicho, ni idadi ya wageni lililopitishwa mbele yao. Na hapo ni picha 1,000 tu, ilhali mtu anayetafuta mtandaoni hupitisha macho kwenye nyuso nyingi kuliko hizo kwa jioni chache. Anapoipata iliyofanana kabisa, hushangaa, akasahau kwamba alikuwa akitafuta hiyohiyo.

Waliosema duniani wawili wawili walikuwa wameliona jambo hili kabla ya maabara. Mwaka 2022 watafiti wa Barcelona walichapisha uchunguzi wa jozi 32 za watu wasio na undugu waliopigwa picha kwa sababu ya kufanana kwao. Programu tatu za kompyuta za kutambua nyuso zilikubaliana kwamba jozi 16 zilifanana kweli, na katika 9 kati ya hizo wawili hao walikaribiana hata katika vipande vya vinasaba vinavyohusiana na sura, ingawa hawakuwa jamaa. Watu ni wengi na njia za kujenga uso zina mipaka, kwa hiyo mchanganyiko uleule hujirudia katika nyumba zisizojuana.

Kisa kinachoonyesha gharama ya kosa hili ni cha mwanamke aliyeopolewa katika mfereji mjini Berlin Februari 1920, asiye na karatasi na asiyetaka kusema jina lake. Alipokuwa hospitali ya wagonjwa wa akili, mgonjwa mwenzake aliona picha za familia ya mfalme wa Urusi iliyouawa mwaka 1918, akatangaza kwamba huyu ni binti mfalme Tatiana. Mwanamke mmoja aliyekuwa akihudumia ile familia alikuja kumtazama, akasema ni mfupi mno kuwa Tatiana. Madai hayakufa, yalihama tu, akawa Anastasia, mdogo wake. Hapo palikuwa pa kusimama. Uso uliotosha kumthibitisha dada mmoja, na ukatosha tena kumthibitisha mwingine baada ya yule wa kwanza kushindikana, ulikuwa hauthibitishi chochote.

Baadaye alijulikana kama Anna Anderson. Kesi yake ilidumu katika mahakama za Ujerumani tangu 1938 hadi 1970, na ikaisha bila jibu la uhakika. Katikati yake mtaalamu wa anthropolojia, Otto Reche, alilinganisha picha zake na za Anastasia, akahitimisha kwamba huyu ama ni Anastasia mwenyewe ama ni pacha wake wa kufanana. Haikuwa kauli ya mpita njia. Ilitoka kwa mtu aliyepima nyuso kama kazi. Lakini mwaka 1927 gazeti moja la Berlin lilikuwa limeshadai kwamba ni Franziska Schanzkowska, mfanyakazi wa kiwandani aliyetoweka mjini humo mwaka uleule wa 1920.

Anna Anderson alifariki Virginia, Marekani, mwaka 1984, lakini kipande cha utumbo wake kilichotolewa katika upasuaji kilikuwa kimehifadhiwa hospitalini. Mwaka 1994 vinasaba vyake vya mitokondria, ambavyo mtu huvipata kwa mama peke yake, vililinganishwa na vya Mwanamfalme Philip wa Uingereza, ambaye bibi mzaa mama yake alikuwa dada wa mama yake Anastasia. Havikulingana. Vililingana na vya mjukuu wa dada yake Franziska. Mwaka 2007 mabaki ya watoto wawili wa mfalme wa Urusi waliokuwa hawajapatikana yaligunduliwa karibu na Yekaterinburg, na hakuna binti aliyesalia kutafutwa. Miaka zaidi ya 60 ya kulinganisha picha ilikuwa imemlinganisha mwanamke na ukoo usio wake.

Kuna jambo moja la kamera ambalo anayeshika picha za pwani yetu hana budi kulijua. Studio ya zamani, kama Capital Art Studio iliyofunguliwa Unguja mwaka 1930, ilimketisha kila mteja mbele ya pazia lilelile, chini ya taa zilezile, kwa pembe ambayo mpigaji aliizoea, na mara nyingi penseli ilipita kwenye negativu kulainisha makunyanzi. Watu wawili waliotoka chumba hicho wamekwisha kupewa nusu ya kufanana kwao kabla hujatazama nyuso. Umbali nao hufanya kazi yake: uso uliopigwa kwa simu kutoka sentimita 30 huonyesha pua iliyopanuka kwa karibu asilimia 30 kuliko ukipigwa kutoka mita moja na nusu. Anayesema "pua ni ileile" anapaswa kujua kwanza kama kamera ilisimama palepale.

Picha hizo mbili, basi, zisiwekwe pamoja mbele ya mzee yeyote, kwa sababu kuziweka pamoja ni kumpa jibu. Mwonyeshe moja peke yake na umuulize ni nani, wapi, na lini. Siku nyingine mwonyeshe ya pili ikiwa katikati ya picha tano au sita za watu wasiohusika wa rika na mavazi yanayokaribiana, kama polisi wanavyofanya katika gwaride la utambulisho. Geuza karatasi utafute muhuri wa studio na mwandiko. Linganisha majina utakayopata na vyeti, daftari za ndoa au kumbukumbu za makaburi. Kama wajukuu wa pande zote mbili wapo na wanaridhia, kipimo cha vinasaba kitawajibu, mradi wachague kipimo kinachofuata tawi linaloulizwa, kwa kuwa mitokondria haisemi lolote kuhusu undugu wa upande wa baba. Mpaka hapo, nyuma ya kila picha iandikwe kwa penseli kile kinachojulikana: ilikopatikana, siku iliyopatikana, na maneno "anafanana na fulani, undugu haujathibitishwa."