Deni lisilosogea

Nilipofundishwa milinganyo ya kujirudia, ile ambayo kila namba inapatikana kutokana na iliyoitangulia, tuliambiwa hivi kuhusu jibu maalumu, yaani jibu moja lolote linalotimiza mlinganyo: kisia namba isiyobadilika, kisha ujaribu. Nikakisia, nikapata alama zangu, na sikuelewa kitu. Leo naamini neno "kisia" ndilo lililoniharibia.

Chukua mkopo wa shilingi 1,000,000, riba ya asilimia 2 kwa mwezi juu ya salio, na marejesho ya 50,000 kila mwisho wa mwezi. (Kama riba inapigwa juu ya mkopo wa awali hadi mwisho, hesabu hii haikuhusu.) Salio D(n), yaani linalobaki baada ya marejesho n, linakwenda hivi:

```
D(n+1) = 1.02·D(n) − 50000
```

Isingekuwa ile 50,000, tungezidisha kwa 1.02 kila mwezi na kazi ingeisha. Basi jiulize: ni deni gani ambalo 50,000 inamaliza riba yake tu, pasibaki hata senti ya kupunguza deni lenyewe? Asilimia 2 yake ni 50,000, kwa hiyo ni 2,500,000. Mwenye deni hilo atalipa mpaka azeeke na salio litabaki palepale. Hilo ndilo jibu maalumu, na hakuna tulichokisia.

Sasa pima salio lako kwa umbali wake kutoka hapo. Umeanza 1,500,000 chini ya deni lisilosogea. Ukitoa mlinganyo wa deni hilo kwenye ule wa deni lako, zile 50,000 zinafutana, na kinachobaki ni umbali unaozidishwa kwa 1.02 kila mwezi:

```
D(n) = 2500000 − 1500000·1.02^n
```

Umbali unakua, na kadiri unavyokua ndivyo unavyolisukuma deni kuelekea sifuri. Riba ileile inayokutesa ndiyo inayoharakisha kushuka! Deni linakwisha mwezi wa 26: baada ya rejesho la 25 linabaki kama 39,091, na la mwisho, pamoja na riba, ni kama 39,873.

Kosa ninaloliona sana ni kuweka 1,000,000 mbele ya 1.02^n badala ya −1,500,000, eti ndiyo tuliyoanza nayo. Weka n = 0 uone: deni linatokea 3,500,000 kabla hujalipa chochote. Kianzio kinaingizwa baada ya kujumlisha jibu maalumu, si kabla.

Ukishusha rejesho hadi 20,000, deni lisilosogea linakuwa 1,000,000, yaani lako hasa. Ukilipa 19,000 linashuka hadi 950,000. Wewe uko juu yake, na umbali uleule sasa unakupandisha.

Mkopo usio na riba ndio unaoikwamisha njia hii. Ukitafuta namba isiyobadilika unapata 0 = −50,000, kwa kuwa kila rejesho linapunguza deni na hakuna deni linaloweza kusimama. Hapo jibu maalumu ni −50,000n, na salio linashuka kwa hatua sawa hadi mwezi wa 20.