Video ya kuhara: igizo au mikono?

Anayeagiza video ya afya humwambia mtayarishaji hivi: "Tunataka video ya dakika tano kuhusu kuhara kwa watoto. Iwe igizo la kugusa moyo: mama achelewe, mtoto azidiwe, watu wajifunze."

Igizo lina hoja nzito, na wanaolibeza hawaitendei haki. Kijijini mama hana paketi ya ORS tu, ule unga wa chumvi na sukari wa kuyeyushwa kwenye maji, ana pia mama mkwe anayesema mtoto anayehara asipewe maji, atazidi kuharisha. Ubishi huo hauondolewi na mchoro wa kikombe, unahitaji watu wanaobishana. Tena Tanzania ina ushahidi wake. Mchezo wa redio "Twende na Wakati" ulianza mwaka 1993, Dodoma ikaachwa bila matangazo hayo kwa miaka miwili ili watafiti walinganishe, na matumizi ya uzazi wa mpango yakapanda zaidi kule ulikosikika. Lakini ule ulikuwa mfululizo wa miaka. Wahusika walipata muda wa kukosea, kujuta na kubadilika mbele ya msikilizaji. Video ya dakika tano haina muda huo, na hapo ndipo andiko la awali, zile kurasa mbili tatu zinazoeleza kitakachoonekana kabla ya skripti, huanza kwenda upande.

Likisomwa na saa mkononi, andiko la namna hii huonyesha kosa kwa dakika tatu, kukimbilia zahanati kwa dakika moja, na dripu hadi mwisho. Paketi hutajwa kwa sentensi moja ya muuguzi. Dripu inanasa macho: chupa imening'inia, matone yanashuka, mtoto anafumbua macho. Mama anatoka akijua kwamba tiba ya kweli ni dripu, na paketi ni ya kumfariji asiyeipata. Kumbe watoto wengi wanaohara hawahitaji dripu kabisa, wanahitaji maji yaliyochanganywa sawasawa na mtu mvumilivu mwenye kijiko.

Na "sawasawa" ndiyo neno linaloamua. Paketi ya kawaida ni ya lita moja. Ikiyeyushwa ndani ya lita, sodiamu inakuwa milimoli 75 kwa lita. Mama akiimimina yote kwenye chupa ya nusu lita, inafika 150, yaani kinywaji kina chumvi kuliko damu yenyewe, ambayo kwa kawaida ina kati ya 135 na 145. Chumvi inazidi mwilini mwa mtoto ambaye tayari hana maji, naye anabaki na kiu kali. Kwenye chupa ya lita moja na nusu inashuka hadi 50, na chumvi inayopotea hairudishwi vya kutosha. Chupa hizo zote zimejaa majumbani, na ukizitazama kwenye runinga iliyotundikwa kona ya sehemu ya kusubiri, zinafanana. Muuguzi akisema "lita moja" haisaidii kitu, hasa sauti ikiwa imezamishwa na watoto wanaolia.

Kwa hiyo andiko linapaswa kuanzia kwenye mikono. Picha ya karibu, bila kukatwa: chupa tupu ya nusu lita inajazwa maji yaliyochemshwa yakapoa, inamiminwa kwenye jagi, inajazwa tena, inamiminwa tena. Paketi inapasuliwa, inakung'utwa yote, inakorogwa. Halafu kijiko, na mtoto anayetapika: mkono unasimama, dakika kumi zinapita, kijiko kinarudi, safari hii polepole zaidi. Yanayobaki yamwagwe baada ya saa 24.

Kuna jambo moja ambalo picha haiwezi kulisema na lazima litamkwe: ORS haikatishi kuhara siku hiyo hiyo. Mama asiyeambiwa hivyo ataona haja kubwa inaendelea, atahesabu dawa imeshindwa, na jagi litawekwa pembeni. Vidonge vya zinki, ambavyo mtoto hupewa pamoja na ORS, navyo huachwa kwa sababu iliyo kinyume: mtoto amepona siku ya tatu, vidonge vinabaki. Ionyeshwe karatasi ya vidonge kumi ikipungua kimoja kwa siku hadi iishe; aliye chini ya miezi sita apewe nusu kidonge kwa siku, kwa siku kumi hizo hizo.

Igizo lisifukuzwe. Lipewe sekunde arobaini za mwanzo, mama mkwe aseme lake, kisha yeye mwenyewe ndiye ashike jagi. Dripu ibaki nje ya picha. Dalili za kukimbilia zahanati zionyeshwe usoni na mwilini: macho yaliyozama, mtoto aliyelegea au asiyeweza kunywa, damu kwenye haja kubwa.

Kabla ya malipo ya mwisho, video waonyeshwe akina mama wachache wasioijua kazi hiyo. Wasiulizwe kama wameelewa, maana wote watasema ndiyo. Wapewe paketi, jagi na chupa mbili, ya nusu lita na ya lita moja na nusu, kisha mtayarishaji anyamaze atazame. Anayeijaza ile kubwa hadi shingoni akamwagia paketi hajakosea yeye, na picha ya chupa irudiwe.