1900 na 1972: lipi lilikuwa zito zaidi?

"Mwalimu, swali linauliza Mkataba wa Buganda wa 1900 ulikuwa muhimu kiasi gani katika historia ya Uganda. Mimi ni wa Arua. Mkataba ule haukufika kwetu, lakini Wahindi walipofukuzwa 1972 hata maduka ya Arua yalifungwa. Kwa nini nisiandike kwamba 1972 ndiyo kubwa zaidi?"

Unaweza kuandika hivyo na ukapata alama nzuri, mradi useme unapima kwa kipimo gani: ukubwa, muda au matokeo ya muda mrefu. Tuanze na ukubwa, kwa sababu ndipo hoja yako ina nguvu.

Mkataba huo wa Uingereza na ufalme wa Buganda ulipotiwa sahihi Machi 1900, Arua haikuwa Uganda kabisa. West Nile ilikuwa sehemu ya Lado, mikononi mwa Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Ikapita kwa Sudan mwaka 1910, na Uganda ikaipata 1914. Kwa hiyo ukiandika kwamba mkataba "uliigusa Uganda yote" utakuwa umekosea. Ardhi ambayo mjumbe wa Uingereza Harry Johnston aliwagawia machifu na watu binafsi wa Buganda ilikadiriwa kuwa maili za mraba 8,000, yaani chini kidogo ya asilimia 9 ya eneo la Uganda ya leo. Na makadirio hayo yalifanywa kabla ardhi haijapimwa. Upimaji wenyewe uliendelea hadi miaka ya 1930.

Lakini angalia namna ukubwa unavyobadilika ukibadilisha unachohesabu. Waliofukuzwa 1972 walikuwa kama watu 50,000, katika nchi ambayo sensa ya 1969 ilihesabu watu milioni 9.5. Hiyo ni nusu ya asilimia moja tu. Ukihesabu vichwa, tukio ni dogo. Ukihesabu maduka, maghala, viwanda vya kuchambua pamba, na mashamba ya miwa ya Kakira na Lugazi, basi limemfikia kila aliyetaka sukari, sabuni au chumvi kuanzia Kabale hadi Koboko. Kwa hiyo usiandike "lilikuwa kubwa" ukaishia hapo. Andika kubwa kwa nani, na kwa kitu gani.

Kwa ukubwa, basi, nakuachia ushindi.

Muda ndio unaogeuza mambo, na hapa wanafunzi wengi huteleza kwa kupima muda wa tukio badala ya muda wa athari yake. Siku 90 ambazo Idi Amin aliwapa Wahindi waondoke, kuanzia Agosti hadi Novemba 1972, hazituambii lolote, kama vile siku moja ya kutia sahihi mkataba isivyotuambia lolote. Cha kuuliza ni hiki: je, athari ilidumu hata walipojitokeza watu wenye uwezo wa kuifuta?

Ardhi ya mailo, yaani ile iliyogawiwa na mkataba, ilijaribiwa hivyo waziwazi. Mwaka 1928 serikali ya kikoloni ilibana kodi ambayo mwenye ardhi aliweza kumtoza mwenye kibanja, yaani mkulima anayeishi juu ya ardhi hiyo, lakini umiliki ukabaki. Mwaka 1975 Amin alitangaza ardhi yote kuwa ya umma na wenye mailo wakageuzwa wapangaji wa muda mrefu. Katiba ya 1995 ikairudisha mailo. Mfumo uliofutwa kwa amri ya dikteta kisha ukarudi umeota mizizi kweli. Nilimtembelea mama mmoja Mukono ambaye huweka risiti zake za busuulu, kodi ya kibanja, katika bahasha ya kaki chini ya godoro. Shamba la migomba amelima tangu aolewe, kaburi la mumewe liko nyuma ya nyumba, lakini hati ya ardhi ile ile iko kwa mtu anayeishi Kampala. Watu wawili wenye haki juu ya kipande kimoja cha ardhi: chanzo cha hali hiyo ni mgao wa 1900.

Athari ya 1972 nayo imedumu, ila kwa namna nyingine. Maduka waligawiwa wale tuliowaita mafuta mingi, matajiri wapya wa utawala wa Amin. Bidhaa zikaadimika, magendo ikawa njia ya kuishi. Lakini sheria ya kurudisha mali ilipitishwa miaka ya 1980, Kakira ikarudi kwa wenyewe, na majengo mengi ya mjini yakadaiwa upya. Kilichobaki ni kwamba biashara ya rejareja ilipita mikononi mwa Waafrika na haikurudi kuwa kama zamani. Hilo si jambo dogo.

Kipimo cha tatu, matokeo ya muda mrefu, kina mtego wake: tukio la zamani daima litaonekana na matokeo mengi zaidi, kwa kuwa tu miaka iliyolifuata ni mingi. Dawa yake ni kuuliza nini kingetokea hata bila tukio hilo. Chukua aya yako, futa "1900" uweke "1894", mwaka Uingereza ilipotangaza Uganda kuwa nchi ya ulinzi wake. Kama aya bado inasimama, basi ulichoeleza ni ukoloni kwa jumla, mkataba hujaugusa. Machifu wa Kikristo akina Apolo Kagwa walikuwa na nguvu tayari kutokana na vita vya dini, na ardhi za Bunyoro ziliangukia Buganda vitani kabla ya 1900. Mambo hayo mkataba uliyathibitisha tu. Kilicho chake hasa ni kwamba ardhi iliyokuwa ikifuatana na cheo ikawa mali ya mtu, ya kuuza na kurithisha.

Jaribu vivyo hivyo kwa 1972. Rais Obote alikuwa amekwisha kubana leseni za biashara mwaka 1969, na mwaka uliofuata akatangaza serikali kuchukua asilimia 60 ya makampuni makubwa. Waasia wengi wangeondoka polepole. Alichoongeza Amin ni kasi na ukatili, na kuanguka kwa uchumi kulikofuata pia kulitokana na mauaji na matumizi ya jeshi. Usimbebeshe tukio moja mzigo wote wa miaka kumi.

Kuna mnyororo mmoja utakaokuvutia, nami ulinivutia. Mkataba uliipa Buganda hadhi ya pekee. Hadhi hiyo, na kura ya maoni ya 1964 iliyorudisha Buyaga na Bugangaizi kwa Bunyoro, vilimgonganisha Kabaka, mfalme wa Buganda, na Obote. Mei 1966 jeshi lilivamia Lubiri, kasri la Kabaka, chini ya uongozi wa Amin, mtu wa West Nile. Miaka mitano baadaye Amin akatwaa nchi, na 1972 ikafuata. Kwa hesabu hiyo 1900 ilifika hadi kwenye maduka ya Arua!

Lakini kila pete ya mnyororo huo ni uamuzi wa mtu ambaye angeweza kuamua vingine. Obote angeweza kujadiliana. Uandike kama njia iliyowezekana, usiuandike kama lazima.

Mimi natoa uzito kwa 1900, kwa sababu ya muda na kwa sababu ya umiliki ule wa ardhi peke yake, nikikubali kwamba katika miaka 20 ya kwanza ya uhuru hakuna kaya iliyokwepa 1972 kama zilivyoweza kaya za Arua kukwepa mkataba. Wewe ukiegemea upande wa pili, fungua hivi: "Mkataba wa 1900 ulikuwa muhimu sana kwa Buganda, lakini kwa maisha ya kila siku ya Uganda nzima ulizidiwa na 1972." Kisha uonyeshe sukari, chumvi na duka lililofungwa, na useme wazi ni wapi muda unakupinga.